Mwanachama aliyemwita mwenyekiti mwizi: uchambuzi wa barua moja ya kuomba radhi

Kikundi ni cha kuweka na kukopa, wanachama 32. Ni Jumamosi, mkutano mkuu wa mwaka, na mwenyekiti anasoma taarifa ya mikopo. Anataja mikopo 12. Mwanachama mmoja, ambaye wiki moja kabla alipewa nafasi ya kuliona daftari la mikopo, alikuwa amehesabu 14. Ananyoosha mkono na kuuliza. Mwenyekiti anamjibu kwamba swali lake lisubiri kwenye mengineyo. Anasimama tena bila kupewa nafasi, anamkata kauli mwenyekiti na kusema, "Wewe ni mwizi, na wote hapa mnajua." Kisha anazitupa karatasi za taarifa mezani na kutoka nje. Usiku huo anatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la simu la wanachama, wa dakika tatu hivi. Ndani yake analirudia neno lile, na anaongeza habari za nyumba ambayo mwenyekiti anajenga.

Siku ya tatu katibu anampelekea barua ya kumtaka ajieleze mbele ya kamati ya nidhamu ndani ya siku 14. Wakati huo rasimu ya barua ya kuomba radhi ilikuwa tayari, kwa sababu aliiandika usiku uleule wa Jumamosi, baada ya simu mbili tatu za marafiki waliomwonya. Jambo la heri ni kwamba hakuituma. Ilisomeka hivi:

"Ndugu Mwenyekiti, nasikitika kwa yaliyotokea kwenye mkutano wa leo. Maneno yalinitoka kwa hasira, na kama ulikwazika naomba samahani. Sote ni binadamu na shetani humpitia mtu yeyote. Ila ungelijibu swali langu tangu mwanzo tusingefika hapa, na wanachama wengi wanajiuliza swali hilohilo. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Naomba pia jambo hili lisifike kwenye kamati ya nidhamu kwa kuwa mimi ni mwanachama wa muda mrefu."

Ukiisoma haraka utadhani ina kila kitu: masikitiko, samahani, methali, ombi. Mwenyekiti angeisoma polepole. Mtu aliyetukanwa husoma barua ya namna hii akitafuta jambo moja tu, kama aliyemtukana anajua alichokifanya. Katika rasimu hii hakuna mahali mwandishi anaposema alifanya nini.

Lugha inavyomsaidia mtu kujificha

Tazama vitenzi. "Yaliyotokea" ni mambo yaliyojitokea yenyewe, kama mvua. "Maneno yalinitoka" ni maneno yaliyokuwa na miguu. "Ulikwazika" ni kauli ya kutendeka: inaeleza hali aliyokuwa nayo mwenyekiti na haimtaji aliyemkwaza. Kiswahili kina ukarimu mkubwa hapa. Kwa kiambishi kidogo tu mtenda anatoweka, na mwandishi mwenye aibu atakimbilia huko bila hata kujua. Dawa yake ni ya kisarufi. Pitia rasimu, pigia mstari kila kitenzi kinachohusu kosa, kisha hakikisha kinaanza na "ni-": nilikukata kauli, nilikuita, nilitupa, nilituma. Sentensi ikigoma kubadilika hivyo, huenda haihusu kosa lako na haina kazi kwenye barua.

"Kama ulikwazika" ni baya zaidi, kwa sababu linaacha mlango wa kusema labda hakukwazika, au amekwazika kwa kuwa ni mwepesi wa kukasirika. Mkutano mzima uliona. Hakuna "kama" hapo.

Neno "samahani" nalo lina uzito wake. Halimtoshi mtu uliyemwita mwizi mbele ya watu anaowaongoza, kwa sababu ndilo neno tunalolitumia kumwomba mtu atupishe njia. Uzito wa jambo hili unataka "nakuomba radhi" au "nakuomba unisamehe", pamoja na mtendwa ndani ya kitenzi: *naku-*. Na "nasikitika" pekee haliombi kitu. Mtu husikitika hata kwa msiba wa jirani ambao hakuusababisha.

Shetani amepewa kosa ambalo si lake peke yake. Katika mazungumzo ya kawaida usemi huo unaeleweka na hauna ubaya. Katika barua ya radhi unamwongeza mshitakiwa wa pili, na msomaji anaona hatia ikigawanywa.

Kosa linalowaponyoka hata waandishi wazuri ni la methali. "Yaliyopita si ndwele" ni methali ya aliyeumizwa. Mwenyekiti akiisema, amesamehe. Akiisema aliyeumiza, anamwambia mgonjwa kwamba kidonda kimepona. Methali zote za kufunika yaliyopita zina mwenyewe, na katika barua hii mwenyewe si mwandishi. Ni heri barua iende bila methali hata moja.

Halafu "wanachama wengi wanajiuliza". Mwandishi alitaka kuonyesha kwamba swali lake lina mashiko. Mwenyekiti ataisoma kama tishio: nina watu nyuma yangu. Tena itamfanya aanze kuwatafuta hao wengi, na ugomvi wa watu wawili utakuwa wa kambi mbili. Barua ya radhi huandikwa kwa nafsi ya kwanza umoja mwanzo hadi mwisho.

Sentensi ya mwisho ya rasimu inaifuja barua nzima. Kuomba suala lisifike kamati ya nidhamu kunamfanya msomaji arudi juu na kuyasoma masikitiko yote upya kama nauli ya kukwepa adhabu.

Neno lisiloondoka na swali linalobaki

Ugumu halisi wa kisa hiki uko mahali pengine. Mwanachama hajui kama mwenyekiti ameiba au hakuiba. Tofauti ya mikopo 12 na 14 ipo, na haijaelezwa. Basi aandike nini? Akiandika "nilikosea, hesabu zako ni safi", atakuwa anashuhudia jambo asilolijua, na ukaguzi ukionyesha kasoro, barua yake itatumika kumzima. Akiandika "naomba radhi kwa lugha, lakini hoja yangu iko palepale", amemwita mwizi kwa mara ya pili, sasa kwa adabu.

Njia ipo, na inapita kwenye kutofautisha vitu viwili alivyokuwa navyo mkononi siku ile. Alikuwa na swali. Hakuwa na ushahidi. Swali angeweza kuliuliza. Shutuma haikuwa na kitu cha kuisimamisha. Kwa hiyo anaweza kuifuta shutuma yote, kwa moyo mweupe, bila kusema neno lolote juu ya usahihi wa hesabu. Mikopo ile miwili inaweza kuwa na maelezo mepesi: iliidhinishwa na kuandikwa kwenye daftari, ila fedha hazikuwa zimetoka hadi siku ya kufunga taarifa. Au inaweza isiwe na maelezo. Hilo litajulikana kwa kamati ya ukaguzi, na halihitajiki ili mtu akiri kwamba alitumia neno asilokuwa na haki ya kulitumia.

Swali lenyewe linapewa barua yake, kwa kamati ya ukaguzi, tarehe nyingine ikiwezekana. Na majibu kwa kamati ya nidhamu ni barua ya tatu. Watu huzichanganya hizi kwa kutaka kumaliza mambo mara moja, na ndipo zinapoharibiana. Barua ya kujieleza inaruhusu utetezi: niliuliza, nikaambiwa nisubiri, nikapandwa na hasira. Inaruhusu pia kuomba adhabu nyepesi. Barua ya radhi hairuhusu hata kimoja. Maelezo yaleyale ambayo kwa kamati ni utetezi halali, kwa aliyeumizwa ni kisingizio.

Barua iliyopelekwa

Rasimu ya pili iliandikwa siku ya nne, ikalala usiku mmoja, ikasomwa kwa sauti mbele ya mtu mmoja asiye wa kikundi. Juu yake kulikuwa na anwani ya mwandishi, tarehe, kisha "Mwenyekiti", jina la kikundi, na chini yake "K.K. Katibu", yaani kwa kupitia kwa katibu. Mwili ulikuwa huu:

"Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUOMBA RADHI NA KUOMBA TUKUTANE KWA SULUHU

Kwenye mkutano mkuu wa Jumamosi iliyopita nilikukata kauli ulipokuwa ukiongoza, nikakuita mwizi mbele ya wanachama wote, nikatupa karatasi za taarifa mezani na kutoka. Usiku huohuo nilituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la wanachama, nikalirudia neno hilo na kuitaja nyumba unayojenga.

Sikuwa na ushahidi wa wizi. Nilikuwa na swali kuhusu mikopo miwili niliyoiona kwenye daftari na ambayo sikuisikia kwenye taarifa. Swali hilo halikunipa haki ya kukuita mwizi. Nalifuta neno hilo. Nayafuta pia niliyoyasema kuhusu nyumba yako, ambayo haikuhusu mkutano wala kikundi.

Waliosikia ni watu unaowaongoza, na ujumbe wangu umefika hadi kwa watu wa nyumbani kwako. Aibu hiyo nimekuletea mimi. Nakuomba radhi, na kupitia kwako naomba radhi kwa familia yako.

Ujumbe wa sauti nimeufuta, na nimewaomba wanachama kwenye kundi hilohilo wasiusambaze. Ukiridhia, nitaisoma barua hii mwenyewe kwenye mkutano ujao na iingie kwenye kumbukumbu. Kama hupendi isomwe, nitaheshimu uamuzi wako.

Naomba tukutane ana kwa ana, mbele ya mlezi wa kikundi, siku na mahali utakapochagua wewe. Swali la mikopo nitalipeleka kwa kamati ya ukaguzi kwa barua nyingine, na si sharti la radhi hii.

Wako,"

Halafu sahihi, jina kamili na namba ya uanachama. Barua nzima inaingia kwenye ukurasa mmoja na nafasi inabaki.

Aya ya kwanza ndiyo ngumu kuiandika, na ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote. Imetaja matendo kwa majina yake, likiwemo neno "mwizi" lenyewe. Waandishi wengi huandika "maneno yasiyofaa" kwa kuona haya kulirudia neno. Lakini neno lisilotajwa halifutwi. Angalia pia kwamba nyumba imeingia. Rasimu ya kwanza iliusahau kabisa ujumbe wa sauti, kwa sababu kwa mwandishi tukio lilikuwa mkutano. Kwa mwenyekiti, mkutano ulikwisha saa nane. Ujumbe ulizunguka wiki nzima, na watoto wake waliusikia. Kabla ya kuandika, keti na mtu aliyekuwapo umwombe akutajie ulichofanya kwa mpangilio, maana kumbukumbu ya mwenye hasira hukata vipande, na kwa kawaida vinavyokatwa ndivyo vilivyouma zaidi.

Salamu ni "Ndugu Mwenyekiti", kama anavyoitwa siku zote kwenye kikundi. Kuna majaribu ya kupanda hadi "Mheshimiwa sana Mwenyekiti wetu mpendwa". Ukimwita mtu mwizi Jumamosi na mheshimiwa sana Alhamisi, atasikia kejeli hata kama hukuikusudia.

Kichwa cha barua kinafuata desturi ya ofisi zenu. Wengine huandika YAH, wengine KUH, wengine MINT kwa mintarafu. Muhimu ni kwamba kinataja mambo mawili, radhi na ombi la kukutana, ili katibu akiifungua ajue haihusu rufaa wala malalamiko.

Sentensi ya mikopo miwili kwenye aya ya pili ilizua mjadala. Mtu aliyesomewa rasimu alishauri itolewe. Tunaona ilistahili kubaki, kwa sababu inaonyesha kiasi kamili cha alichokuwa nacho mwandishi, na bila hiyo "sikuwa na ushahidi" lingesikika kama kukiri kwamba alitunga uongo. Ila isizidi hapo. Kama angeongeza "ambayo mpaka leo haijaelezwa", barua ingegeuka shutuma mpya yenye sahihi.

Kuipeleka

Iliandikwa nakala mbili, na nakala ya tatu kwa mwenyekiti wa kamati ya nidhamu kwa taarifa. Katibu alisaini na kuandika tarehe ya kupokea kwenye nakala ambayo mwandishi alibaki nayo. Haikupigwa picha na kutumwa kwenye kundi la simu, ingawa tusi lilipita huko. Kilichowekwa kwenye kundi siku hiyo kilikuwa na mistari mitatu: neno nililolitumia nalifuta, ujumbe wangu nimeufuta, naomba yeyote aliyeuhifadhi asiusambaze. Ikumbukwe kwamba kuufuta ujumbe hakuondoi nakala zilizokwisha kutumwa kwingine, na baadhi ya programu hukupa muda maalumu tu wa kufuta kwa watu wote. Ndiyo maana kukanusha mahali palepale kuna uzito kuliko kufuta kimyakimya.

Tusi lilikuwa la hadharani na radhi lazima ifike hadharani. Lakini mwenye kuchagua saa na mahali ni aliyetukanwa. Mtu anayesimama ghafla mkutanoni na kuomba msamaha kwa machozi anamweka kiongozi kwenye kona: akikumbatia, amelazimishwa, akikaa kimya, ataonekana katili mbele ya watu wake. Kwa hiyo barua inaomba ridhaa kwanza.

Pale ambapo mwenyekiti amekwisha kuleta barua ya wakili inayodai fidia ya kashfa, hatua hizi zinabadilika. Barua inayokiri maneno inaweza kuwa kielelezo mahakamani, na sheria za nchi hazifanani juu ya hilo. Hapo barua ipite kwanza kwa wakili wa mwandishi. Katika kisa hiki hapakuwa na dai la aina hiyo.

Jibu na kikao

Siku tano zilipita bila jibu. Mwandishi alitaka kupeleka barua ya pili. Hiyo ingekuwa ni kudai msamaha. Alichofanya kilitosha: alimwomba mlezi aulize kama barua imefika. Siku ya saba mwenyekiti alijibu kwa sentensi mbili, kwamba ameisoma na yuko tayari kukutana.

Kikao kilikuwa cha watu watatu. Mlezi alimpa mwenyekiti nafasi ya kwanza kuzungumza, na mwandishi alikuwa amekubaliana na mlezi mapema kwamba hatamkatiza hata akisikia jambo analoliona si kweli. Mwenyekiti alizungumza kwa muda mrefu, zaidi kuhusu binti yake aliyeulizwa shuleni juu ya nyumba kuliko kuhusu mkutano. Kisha akauliza: "Nani alikuonyesha daftari?" Swali hili huja karibu kila mara, kwa sura moja au nyingine, na linataka jibu lililoandaliwa. Mwandishi alisema daftari aliliona kwa utaratibu unaoruhusiwa kwa kila mwanachama, na neno alilolisema alilisema yeye, hakutumwa na mtu. Hakutaja jina. Angelitaja, angekuwa amejenga amani yake kwa kumtoa mwingine.

Mwishoni mwenyekiti aliweka sharti: barua isomwe mkutanoni, lakini iongezwe sentensi kwamba hesabu za mikopo ziko sahihi. Hapa ndipo watu wengi huanguka kwa sababu wamechoka na wanataka yaishe. Mwandishi alikataa, na alikataa kwa utulivu: "Hilo silijui, na nikiliandika nitakuwa nimerudia kosa langu la kusema nisilolijua." Mlezi akapendekeza maneno mengine, na wote wawili wakayakubali: "Suala la mikopo liko mbele ya kamati ya ukaguzi, nami nitasubiri taarifa yake bila kulisemea nje." Mwenyekiti alipata uhakika kwamba hatasemwa mitaani. Mwandishi hakupoteza swali lake.

Kiongozi akisisitiza sentensi ya namna ile na kukataa mbadala wowote, barua ibaki kama ilivyo na isisomwe. Radhi imeshafika kwake na nakala iko kwa katibu. Suluhu inahitaji wawili, na mmoja hawezi kuitoa peke yake kwa kusaini asichokiamini. Mwandishi aendelee kuhudhuria, kulipa michango yake kwa wakati, na kumpisha mwenyekiti aongoze.

Kwenye mkutano uliofuata barua ilisomwa na mwandishi mwenyewe, akiwa amesimama mahali pake na si mbele ya meza kuu, kwa sauti ya kawaida, bila kuongeza maneno. Mwenyekiti alikuwa amemkabidhi makamu kuongoza agenda hiyo, kwa kuwa ilimhusu. Katibu aliandika kwenye kumbukumbu: "Mwanachama alisoma barua ya kuomba radhi, akafuta maneno aliyoyatoa mkutano uliopita na kwenye kundi la simu. Mwenyekiti alipokea radhi." Kamati ya nidhamu ilitoa onyo la maandishi, na mwandishi hakulipinga.

Taarifa ya ukaguzi ilikuwa agenda ya saba. Ilipofika, mwanachama yuleyule alinyoosha mkono, akasubiri hadi mwenyekiti alipomtaja kwa jina, kisha akalisoma swali lake kutoka kwenye karatasi: mikopo miwili iliyo kwenye daftari na haimo kwenye taarifa, imeandikwa wapi?